Nimepewa dakika 5 kumuaga mwenzetu baada ya miaka 30 kazini. Hotuba yangu imekaa kama tanzia

Mkaa_Delta
Wakuu, habari za humu. Ijumaa ijayo tunamuaga muuguzi wetu wa chanjo anayestaafu. Ana miaka 30 kazini, 22 kati ya hiyo kakaa kwenye chanjo tu. Wote tunamwita Mama Barafu. Kituo chetu kipo huku delta ya Rufiji, na zahanati tunazozihudumia nyingine huzifiki bila boti.

Nimeteuliwa kusema kwa niaba ya wafanyakazi. Siku ya kikao sikuwepo, na hiyo ndiyo sifa iliyonipa uteuzi. Nimeandika hivi:

"Itifaki imezingatiwa. Leo ni siku ya furaha na huzuni. Mama Barafu alikuwa mchapakazi, mcheshi, mwenye upendo na asiyebagua mtu. Ameokoa maisha ya maelfu ya watoto. Mwendo ameumaliza. Ameacha pengo lisilozibika. Tutamkumbuka daima."

Nimemsomea mke wangu, akaniuliza marehemu ameacha watoto wangapi. Nisaidieni.

Mpita_Njia
Poleni sana kwa msiba mzito. Mwili unaagwa wapi, hapo hapo Rufiji au unasafirishwa?

Mkaa_Delta
Mkuu, yuko hai. Leo asubuhi kanigombeza kwa kuacha mlango wa friji wazi.

Katibu_wa_Zamani
Mpita_Njia usimcheke, kasoma kilichoandikwa. "Alikuwa", "mwendo ameumaliza", "pengo lisilozibika", hayo yote ni maneno ya makaburini. Nimekaa ofisi ya utumishi miaka mingi na nimepanga hafla za kuaga hadi nimechoka na pilau lake. Hotuba nyingi za wastaafu huandikwa na watu ambao hotuba walizosikia kwa wingi ni za misibani, kwa hiyo kalamu inaelekea huko yenyewe. Badili nyakati kwanza. Huyu mama ni mcheshi, Ijumaa atakuwa ameketi mita tatu mbele yako.

Halafu fanya hivi. Futa jina lake kwenye hiyo rasimu, weka la mpishi, kisha la dereva. Ikisomeka vilevile, hujasema kitu. "Mchapakazi, mcheshi, mwenye upendo" nimeyasikia yakisemwa juu ya mtu ambaye ofisi nzima ilishangilia alipoondoka.

Tafuta watu watatu: mmoja aliyeanza naye kazi, mmoja aliyefundishwa naye, na mmoja wa nje ya ofisi kabisa. Usiwaulize "ni mtu wa namna gani", watakupa sifa zilezile. Waulize ulimwona akifanya nini ambacho wengine hawafanyi. Rudi na majibu hapa.

Baba_Wawili
Mimi naona unamchanganya kijana. Hotuba ya kustaafu ina mpangilio wake: wasifu kwanza. Aliajiriwa lini, vituo alivyopita, vyeo, kozi, barua za pongezi. Chukua faili lake uanzie hapo, ukimaliza tia methali mbili tatu. Sisi tulifanya hivyo na ukumbi ulitulia.

Katibu_wa_Zamani
Ulitulia au ulilala? Wasifu una mahali pake, lakini huo husomwa na afisa utumishi, na lazima atausoma kabla yako. Ukiurudia wewe, watu wanausikia mara mbili, na mara ya pili kuna mtu atagundua tarehe zenu hazifanani. Mwakilishi wa wafanyakazi anatakiwa kusema yale ambayo faili haliyajui. Ila kwa moja uko sawa: mwaka mmoja au miwili uwepo, ili wageni wajue tunazungumzia muda gani.

Mkaa_Delta
Nimerudi. Nimezungumza na dereva wa boti, na dada wa maabara aliyeanza naye kazi, na mama mmoja wa kisiwani aliyemleta mjukuu. Nimepata mambo manne.

La kwanza ni jina lenyewe. Asubuhi ya safari, zile chupa bapa za barafu huzitoa kwenye friza na kuzipanga mezani, na hatii hata moja kwenye kisanduku cha chanjo mpaka aisogeze sikioni na kuitikisa. Akiwa hajasikia maji yakicheza ndani anasema "bado haijasema" na kuirudisha mezani. Boti inapiga honi, yeye anatikisa barafu.

La pili ni ratiba. Zamani huduma ya mkoba ilipangwa Jumanne ya kwanza ya kila mwezi. Dereva anasema kuna miezi walifika mdomo wa kijito wakakuta tope, wakageuza na chanjo zao. Mama akaihamisha ratiba ifuate mwezi wa angani.

La tatu, kuna mgeni mmoja mkubwa alikuja kukagua, akataka maji yake yapoozwe kwenye friji ya chanjo. Mama akayapokea, akayatazama, akauliza: "Haya maji yana kadi ya kliniki?"

La nne ni kosa. Miaka ya nyuma, enzi za friji ya gesi, silinda iliisha wakati wa sikukuu, chanjo za mwezi zikaharibika. Ripoti kaiandika mwenyewe, na kwenye sababu akaandika "sikukagua silinda."

Baba_Wawili
Hapo kwenye barafu sijaelewa unamsifu kwa lipi. Chanjo si inataka baridi? Barafu ikiwa ngumu zaidi ndiyo salama zaidi. Huyo mama alikuwa anachelewesha boti bure.

Nesi_wa_Nyanda
Shikamoo Baba_Wawili. Hilo ndilo kosa ambalo Mama Barafu analizuia, na hata wahudumu wengine wanalo. Chanjo inatakiwa ikae kati ya nyuzi 2 na 8. Matone ya polio na chanjo ya surua havidhuriki kwa kuganda. Lakini hii sindano ya penta wanayochomwa watoto, na ile ya pepopunda ya wajawazito, zikiganda zimekufa. Chupa ya barafu iliyotoka friza sasa hivi ni baridi kuliko sifuri kwa mbali sana, ukiibananisha na penta inaigandisha njiani. Barafu ikianza kuyeyuka ndani imefika sifuri, na hapo haina tena ubaridi wa kugandisha. Njia ya kujua ni kuitikisa usikie maji, hakuna nyingine rahisi zaidi.

Ubaya wake ni kwamba penta iliyoganda ikayeyuka unaweza kuitazama usione kitu. Unamchoma mtoto, anarudi nyumbani na kadi yake imejazwa vizuri, na kinga hana. Kwa hiyo Mkaa, hapo ndipo pa kukaa. Watu wanaijua ile "bado haijasema" kama kichekesho. Waambie ilikuwa inazuia nini.

Baba_Wawili
Marahaba. Sikulijua hilo, nimeliweka kichwani. Methali bado nazitaka.

Hesabu_Kali
Kwenye rasimu ya kwanza umesema ameokoa maelfu ya watoto. Nani kawahesabu? Mtoto aliyechanjwa asiugue huwezi kujua kama angeugua. Tafuta kitu kinachohesabika. Joto la friji linaandikwa mara 2 kwa siku, asubuhi na jioni, hata Jumapili. Miaka 22 mara siku 365 mara 2 ni 16,060. Weka hiyo, ukumbi utapiga makofi.

Nesi_wa_Nyanda
Na likizo je? Siku 28 kila mwaka, mara 2, kwa miaka 22 ni 1,232. Zinabaki 14,828. Na kuna siku alikuwa visiwani, mwenzake ndiye aliyeandika.

Katibu_wa_Zamani
Sema "zaidi ya mara elfu kumi" uendelee. Namba kamili kwenye hotuba huzaa mtu wa kuipinga, na mtu huyo huwa amekaa meza ya mbele. Lakini wazo ni zuri sana, lina nguvu kuliko "maelfu ya watoto" kwa sababu kila aliyepita korido ile amemwona na kalamu.

Binti_wa_Mhasibu
Naomba niseme ya kwangu. Baba yangu alipoagwa, mshereheshaji alichekesha watu kwamba mzee alikuwa anasinzia vikaoni. Kweli alikuwa anasinzia, ofisi nzima inajua. Kumbe miaka ile alikuwa anakesha na mama hospitali, na ofisini hakumwambia mtu. Alicheka na wengine pale ukumbini. Nyumbani akavua koti akalala bila kula. Mpaka leo zawadi zao ziko chini ya kitanda. Mkaa, utani huo wa maji ya kadi ya kliniki, una uhakika nao?

Katibu_wa_Zamani
Pole mwanangu. Hapo umegusa kitu. Kipimo changu cha utani ni kimoja: mwenyewe huwa anausimulia? Kisa ambacho mstaafu anakisimulia mwenyewe wakati wa chai, kitumie. Kisa kinachosimuliwa akiwa ametoka nje, kiache. Na utani uwe juu ya tabia iliyotokana na kazi yake, usiwe juu ya mwili, ndoa, usingizi au pesa.

Na kwa hisani yenu, kikokotoo kisitajwe. Kila hafla kuna mmoja anayesimama na kusema "mafao yakitoka usitusahau". Watu wanacheka, mstaafu anaanza kupiga hesabu kichwani. Umemharibia pilau.

Mkaa_Delta
Cha maji anakisimulia mwenyewe, tena kwa sauti ya huyo mgeni. Swali langu ni hilo kosa la silinda. Niliseme au niliache?

Nesi_wa_Nyanda
Liseme. Mimi ndilo lingenifanya nimheshimu zaidi. Kila mtu anajua barafu, lakini ni wangapi wameandika majina yao kwenye ripoti ya hasara?

Katibu_wa_Zamani
Usiliseme. Mganga Mkuu wa Wilaya amekaa pale, na pengine hakuwepo enzi hizo. Atakachobeba ni kwamba chanjo ziliharibika. Kosa la mtu analisimulia mwenyewe au halisimuliwi.

Hesabu_Kali
Nipo na Nesi.

Binti_wa_Mhasibu
Nipo na Katibu.

Mkaa_Delta
Mmenisaidia sana, sasa niko pale pale. Jana nimekesha na hii, naomba mnikosoe. Nimeisoma kwa sauti nikipima na simu, ni dakika 4 na ushee.

"Mganga Mkuu wa Wilaya, wageni wetu, wenzangu wote. Mama Barafu, shikamoo.

Wengi wenu mnajua jina hili lakini hamjui lilikotoka. Siku ya safari ya visiwani boti huondoka alfajiri. Saa tisa usiku Mama ameshawasha taa ya chumba cha chanjo, ametoa barafu kwenye friza na kuzipanga mezani kama mtu anayeuza maandazi. Halafu anachukua moja moja, anaitia sikioni, anaitikisa. Mwaka wangu wa kwanza hapa nilidhani ana matatizo. Dereva anapiga honi, mimi nimeshavaa boya, Mama ananitazama anasema: bado haijasema.

Baadaye akaniita. Akaniambia, barafu ikiwa ngumu inaigandisha penta, na penta iliyoganda ni maji tu. Akaniambia, ukimchoma mtoto maji, mama yake atakushukuru, na wewe utalala usingizi, na hakuna atakayejua mpaka kifaduro kiingie kijijini. Tangu siku hiyo na mimi natikisa. Vijana watano tuliopita mikononi mwake sote tunatikisa. Ukitukuta alfajiri utadhani ni kwaya.

Jambo la pili. Wakati Mama anakabidhiwa chanjo, mkoba ulikuwa unakwenda Jumanne ya kwanza ya mwezi. Jumanne haijui habari za maji. Maji mafu yakiangukia siku hiyo, kijito hakijai, boti inasimama mbali na kijiji, na kinamama wanatutazama kutoka ng'ambo ya tope. Mama akakaa na dereva na wavuvi, akaipeleka ratiba kwenye bamvua. Tunaondoka alfajiri maji yamejaa, tunaingia mpaka gatini. Maji yakipwa, boti imekwama, na sisi tumekwama nayo mpaka jioni yajae tena. Watu walimwambia Mama, utapoteza siku nzima. Akasema, ndiyo ninachotaka. Mama aliyekuwa shambani, mama aliyekwenda kuokota kaa mikokoni, hata akija saa nane mchana anatukuta, maana hatuna pa kwenda. Na kwa kuwa kule watu wanahesabu siku kwa mwezi, hakuna tena anayeuliza kliniki ni lini. Mwezi kumi na sita, kila mtu anajua. Bibi mmoja ameniambia wiki hii: 'Ule mwezi ukikatika kidogo, namwosha mjukuu.'

La tatu ni friji. Mama amesoma joto la friji ile zaidi ya mara elfu kumi, asubuhi na jioni, na ndani yake hakijawahi kukaa kitu kisicho chanjo. Nasema hivyo nikikumbuka mgeni wetu mmoja, mkubwa, aliyetoka safari ya vumbi akaomba chupa yake ya maji ipoozwe humo. Mama aliyapokea maji kwa heshima zote, akayageuza huku na huku, akauliza: haya maji yana kadi ya kliniki?

Mama, mimi nimekaa na wewe miaka saba. Umenigombeza kwa mlango wa friji, kwa kalamu ya kuazima, na kwa kuandika nyuzi 5 wakati kipimajoto kinasema 6. Nilikuuliza siku ile, 5 na 6 si zote ziko salama? Ukasema, ziko salama, ila moja umeiona na nyingine umeitunga.

Chumba kile nakipokea mimi kuanzia Jumatatu. Kalenda yako ya mwezi siibandui. Na tukikwama, namba yako ya simu tunayo, usiibadilishe. Asante, Mama."

Katibu_wa_Zamani
Usiongeze neno. Hapo kwa 5 na 6 ungenileta machozi kama nisingekuwa mtu wa utumishi. Marekebisho mawili. "Nilidhani ana matatizo" badili, wageni wanaweza kuchukulia vibaya. Sema "nilidhani anasikiliza redio". Na ukifika kwenye kadi ya kliniki, nyamaza. Watacheka. Usiendelee kuongea juu ya kicheko chao.

Baba_Wawili
Nzuri, ila methali hata moja?

Nesi_wa_Nyanda
Naona la silinda umeliacha. Sawa, ni hotuba yako. Bado naona ulikosea.

Hesabu_Kali
Zawadi mnampa nini?

Mkaa_Delta
Tumechangishana, tumemnunulia friji. Usiniulize ni nani alipendekeza.

*(Siku tano baadaye)*

Mkaa_Delta
Wakuu, narudisha majibu. Afisa utumishi alisoma wasifu dakika 14. Nilipopewa kipaza sauti, wageni meza ya mbele walikuwa wanatazama upande wa masufuria. "Anasikiliza redio" ilipita vizuri. Nilipofika kwenye mwezi kumi na sita nikasikia sauti nyuma: "Kumi na saba!" Ni Mama mwenyewe. Anasema kumi na sita kijito cha pili bado hakijajaa vizuri. Dereva akasimama kumbishia. Nilisubiri kama dakika nzima wamalizane, na kwa kweli ndiyo dakika watu waliyoipenda kuliko zote.

Kadi ya kliniki ilichekesha ukumbi mzima. Nilinyamaza kama nilivyoagizwa.

Alipopewa nafasi ya kujibu, kitu cha kwanza alichosema ni silinda. Mwaka, sikukuu yenyewe, na chanjo zilizokwenda na maji. Akasema, "Kijana wangu amenisifu, ila ile silinda ameisahau." Akamwambia Mganga Mkuu kwamba tangu siku hiyo hajawahi kwenda sikukuu bila kupitia chumba cha chanjo kwanza, na kwamba hilo aliandikishe kwa anayempokea.

Nesi_wa_Nyanda
Nilisema.

Katibu_wa_Zamani
Na mimi nilisema: mwenyewe ndiye asimulie. Sote tumeshinda au sote tumeshindwa, sijui.

Binti_wa_Mhasibu
Na zawadi aliipokeaje?

Mkaa_Delta
Alifungua mlango, akaingiza mkono mpaka ndani, akauliza kipimajoto kiko wapi. Hakikuwemo. Leo mchana amenipigia, ameshanunua, kinasoma 4. Mjukuu kaomba kuweka soda, anasema bado anafikiria.